Barua ya malalamiko: Washiriki kuona mstatili mweusi badala ya skrini yetu

Area C,
Dodoma.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu,

YAH: PROGRAMU YENU YA MIKUTANO KURUSHA WEUSI TUNAPOSHEA SKRINI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tunafundisha utunzaji wa hesabu kwa wasindikaji wadogo wa alizeti wa Kongwa, Mpwapwa na Singida. Programu yenu tunailipia ili mwalimu aliyeko Dodoma akifungua jedwali la mauzo kwenye laptopu yake, aliyeko Kibaigwa aone kila namba inavyoingia. Katika darasa la karibuni hawakuona chochote. Kwa mwalimu kila kitu kilionekana sawa: fremu ya rangi ilizunguka skrini na maandishi yakathibitisha kwamba anashea. Mama mmoja wa Kibaigwa ndiye aliyetushtua: "Mwalimu, huku ni giza, tunaona mshale tu unatembea." Bando la somo hilo alilinunua kwa fedha yake mwenyewe.

Mhudumu wenu alitujibu kwamba intaneti yetu ni dhaifu. Jibu hilo halikubaliki, kwa sababu mtandao ukizidiwa picha huganda au huwa na ukungu. Hapa mshale ulitembea bila kukwama na sauti ilikuwa safi. Mawasiliano yalikuwepo, kilichokosekana ni picha yenyewe.

Jibu la pili lilitutaka tukatoe ruhusa ya Screen Recording. Ruhusa hiyo ni ya kompyuta za Mac, tangu macOS 10.15 ya mwaka 2019, na ikikosekana huko mara nyingi washiriki huona picha ya mandhari ya skrini bila madirisha mengine. Sisi tuliwaandikia wazi kwamba tunatumia Windows 11, ambako programu ya kawaida ya mezani haiombi ruhusa ya namna hiyo. Mwalimu alipoteza jioni nzima akitafuta swichi ambayo kwenye mashine yake haipo.

Jibu la tatu lilikuwa kuzima Hardware acceleration, mpangilio unaoiachia chipu ya grafiki kazi ya kuchora picha. Ushauri huo una mahali pake: dirisha moja, kwa mfano la braoza, likiwa jeusi huku skrini nzima ikionekana vizuri, kuizima ndani ya braoza hiyo mara nyingi husaidia. Kwetu hali ilikuwa kinyume. Skrini nzima ilikuwa nyeusi, lakini tuliposhea dirisha la jedwali peke yake, lilionekana. Tofauti hiyo ndiyo ingewaonyesha chanzo, na hakuna mhudumu aliyetuuliza.

Laptopu ya mwalimu ina chipu mbili za grafiki, ya Intel inayotumia umeme kidogo na ya NVIDIA yenye nguvu. Skrini yake imeunganishwa na ile ya Intel. Tulipofungua Task Manager na kuonyesha safu ya GPU engine, tuliona programu yenu inafanya kazi kwenye chipu ya NVIDIA. Njia ya Windows ya kunasa skrini nzima inayoitwa Desktop Duplication hukataa katika hali hiyo: programu iliyo kwenye chipu moja haiwezi kunakili skrini inayoendeshwa na nyingine. Windows hurudisha kosa linalosomeka hivi:

```
DXGI_ERROR_UNSUPPORTED
```

Programu yenu inatakiwa kulisoma kosa hilo na kumwambia mtumiaji. Yenu inanyamaza, inachora fremu na kurusha weusi.

Tuliingia Settings > System > Display > Graphics, tukaichagua programu yenu, tukaiweka Power saving, tukaifunga kabisa na kuifungua upya. Skrini ikaonekana papo hapo. Hata hivyo, dawa hiyo haitoshi. Ukumbini tunatumia projekta, na tundu la HDMI la laptopu hii limeunganishwa na chipu ya NVIDIA. Tukishea skrini ya projekta kwa mpangilio huo mpya, giza linarudi, safari hii upande wa pili. Mwalimu hawezi kuingia Settings kila anapochomeka waya. Kuangalia kila skrini inaendeshwa na chipu ipi, na kunasa kupitia chipu hiyo, ni kazi ya programu.

Kwa hiyo tunadai mrekebishe unasaji huo, au mtumie njia nyingine ya Windows ya kunasa skrini, Windows.Graphics.Capture, pale Desktop Duplication inapokataa. Wakati tukisubiri, programu isimwambie mwalimu kwamba anashea ilhali picha haijapatikana. Wahudumu wenu waanze kwa kuuliza kama nyeusi ni skrini nzima au dirisha moja. Tunadai pia turudishiwe ada ya mwezi huu. Tutaitumia kuwafidia washiriki bando lao na kurudia somo.

Picha za Task Manager na za mpangilio wa Graphics tumeziambatanisha. Tunaomba jibu la maandishi kutoka kwa fundi aliyezisoma.

Wenu,
Mratibu wa Mafunzo