Nilikwama ng'ambo ya Somanga, ofisini wanataka nikiri utoro

Ndugu mshauri, salaam.

Naomba unisaidie kabla sijapeleka karatasi nyingine ofisini, maana nahofia sentensi moja iliyokaa vibaya inaweza kunitoa kazini.

Mimi ni karani wa stoo katika kampuni ya usambazaji wa bidhaa hapa Dar es Salaam. Kwetu ni Mchinga, mkoani Lindi. Baba yetu alifariki mwezi Machi, na arobaini yake tukaipanga Ijumaa ya tarehe 3 Mei 2024. Niliomba ruhusa ya Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, nikapewa kwa maandishi, nikasafiri Jumatano ya Mei Mosi. Tiketi ya kurudi nilikuwa nimeshakata, ya Jumapili tarehe 5, ili Jumatatu asubuhi niwe kazini.

Jumamosi ndipo Kimbunga Hidaya kilipoingia pwani ya kusini. Umeme ulikatika kijijini kwetu, na mvua haikutupa nafasi hata ya kutoka nje. Jumapili nikaenda stendi na begi langu. Kondakta akatuambia barabara ya Dar imekatwa na maji maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa, na basi halitoki. Wenye tiketi tusubiri, watatuita. Kwa anayeijua barabara hiyo, hakuna kichochoro cha kupitia. Njia nyingine ni kuzungukia Masasi, Tunduru, Songea hadi Makambako, ndiyo ushuke Iringa na Morogoro. Safari hiyo ni ndefu zaidi ya mara tatu ya ile ya kawaida, na nauli yake sikuwa nayo.

Simu nayo ikawa shida peke yake. Minara mingi vijijini, umeme ukikatika, hubaki na betri au jenereta, na jenereta inataka mafuta yanayopita barabara ileile. Alama ya mtandao ilikuwa inakuja na kupotea. Kupiga haikuwezekana, ila niligundua ujumbe mfupi wa kawaida hupenya pale ambapo simu na WhatsApp vimegoma. Jumatatu jioni nilipanda bodaboda hadi kwenye mwinuko nje ya kijiji, nikamwandikia msimamizi wangu: "Barabara imekatika Somanga, mabasi hayatoki, nipo Mchinga, nikipata usafiri nakuja." Ulienda, na yeye akajibu "Pole, sawa." Baada ya hapo simu iliisha chaji, nikawa naichajisha kwa zamu kwenye duka lenye sola.

Magari yalipoanza kuruhusiwa kupita, abiria waliokwama walikuwa wengi kuliko viti. Nilipata nafasi Jumamosi tarehe 11. Kondakta hakunikatia tiketi mpya. Aliandika tarehe mpya kwa kalamu juu ya ile ya Jumapili, akagonga muhuri. Jumatatu tarehe 13 nikawa kazini mapema kabisa, na saa nne nikakabidhiwa barua ya kujieleza kwa kosa la "utoro kazini". Nilipewa saa 48.

Nikajibu siku ileile kwamba mvua kubwa ilifunga barabara na mtandao ulikuwa hafifu, ndiyo maana nikachelewa. Ofisa utumishi akairudisha. Alisema kila masika anapokea barua yenye maneno hayohayo, hata kutoka kwa watu waliokuwa Mbagala, kwa hiyo nieleze siku kwa siku nilikuwa wapi na nilifanya nini. Kwa hilo simlaumu. Kinachoniumiza ni hoja zake tatu nyingine. Kwanza, ujumbe wangu ulifika baada ya saa za kazi, na ulikwenda kwa msimamizi badala ya ofisi ya utumishi. Pili, wao walinipigia Jumanne na Jumatano wakaambiwa namba haipatikani, kwa hiyo anadai nilizima simu makusudi. Tatu, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitahadharisha kuhusu kimbunga, sasa kwa nini nilisafiri? Tahadhari hizo zilitoka nikiwa tayari nimefika Mchinga.

Sasa nimeanza kuandika upya. Jumapili, tarehe 5: nilifika stendi, basi likaahirishwa, kiambatisho ni tiketi. Jumatatu, tarehe 6: nilimjulisha msimamizi kwa ujumbe, kiambatisho ni picha ya ujumbe pamoja na jibu lake. Kuna pia barua ya mtendaji wa kijiji yenye muhuri, inayothibitisha kwamba nilikuwepo kijijini siku zote hizo na kwamba umeme na mawasiliano yalisumbua. Nimeongeza taarifa kwa umma kuhusu kukatika kwa barabara, ambayo mtu yeyote anaweza kuihakiki. Ninachokosa ni ushahidi wa simu zilizogoma. Kwenye simu yangu zinaonekana nilizojaribu kupiga, lakini kibandani kwa wakala nimeambiwa kumbukumbu za kampuni ya simu huonyesha zile zilizounganishwa tu. Sijui kama picha ya orodha ya simu yangu mwenyewe itakubalika.

Hapa ndipo ushauri ninaopewa unapogongana. Msimamizi wangu, ambaye ananitakia mema, ameniita pembeni akasema, "Dada, andika tu kwamba umekosa, omba msamaha, watakupa onyo yaishe." Mwakilishi wetu wa chama cha wafanyakazi anapinga kabisa. Amenionyesha Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali namba 42, zinazosema kutokuwepo kazini bila ruhusa au bila sababu inayokubalika kwa zaidi ya siku tano za kazi ni kosa linaloweza kumwachisha mtu kazi. Akanikalisha tukahesabu. Jumatatu hadi Ijumaa ni siku tano, haijazidi. Lakini mkataba wetu una nusu siku ya Jumamosi, na Jumamosi hiyo nilikuwa ndani ya basi. Wakiihesabu, zinakuwa sita. Kwa hiyo, anasema, nikisaini kwamba nilikuwa mtoro, nimewapa hiyo sababu kwa mkono wangu, na faili halisahau.

Msimamizi naye anajibu kwamba nikibishana nitaonekana mkaidi, na ofisa utumishi ana nafasi ya kuita kikao cha nidhamu. Mwakilishi anasema kikao kikiitishwa ni lazima nipewe angalau saa 48 za kujiandaa, niruhusiwe kuingia na yeye au mfanyakazi mwenzangu, na wakiniachisha nina siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Yote hayo ni haki yangu, nashukuru kuyajua. Ila mimi sitaki kesi, nataka kazi yangu. Nina wadogo zangu wawili shuleni, na baba ndiye aliyekuwa akinisaidia.

Naomba unijibu haya. Je, kuna namna ya kuandika kwamba nasikitika kazi ilikwama kwa sababu ya kutokuwepo kwangu, bila maneno hayo kusomeka kama kukiri utoro? Nimefikiria pia kuomba siku hizo zikatwe kwenye likizo yangu ya mwaka. Je, nikiliomba hilo katika barua ileile nitaonekana natafuta suluhu, au nitakuwa nimekubali kwamba sababu yangu haikubaliki? Na yule msimamizi aliyenijibu "Pole, sawa", nimtaje kama mtu niliyemjulisha, au nitamtia matatani kwa kutopeleka taarifa ofisi ya utumishi? Yeye ndiye ninayefanya naye kazi kila siku.

Barua inatakiwa Ijumaa kabla ya saa kumi jioni.

Karani wa stoo,
Dar es Salaam