Kovu la toksoplasma au kidonda hai: jinsi tunavyoamua kutoa dawa

Wateja kadhaa hufika katika kliniki yetu ya macho wakiwa na karatasi iliyoandikwa kwamba wana toksoplasma kwenye retina, na swali lao la kwanza huwa ni dawa gani wanunue. Jibu letu hutegemea jambo ambalo karatasi hiyo mara nyingi hailisemi, nalo ni kama kilichoonekana ni kovu lililokwisha kupona au ni kidonda kinachoendelea kula retina. Kovu halina dawa na halihitaji dawa. Kidonda hai huenda kikahitaji matibabu ya haraka, kutegemea mahali kilipo na hali ya mwili wa mgonjwa mwenyewe.

Toksoplasma ni kimelea kinachoingia mwilini kupitia nyama isiyoiva vizuri, au kupitia maji, mboga na udongo uliochanganyika na kinyesi cha paka; mama anayeambukizwa akiwa mjamzito anaweza pia kumwambukiza mtoto aliye tumboni. Kikishafika kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, hujifungia ndani ya vifuko vidogo sana na kukaa humo kwa miaka mingi bila dalili yoyote. Siku kifuko kinapopasuka, vimelea hutoka na kushambulia retina iliyo jirani, na ndiyo maana kidonda kipya mara nyingi huanzia ukingoni mwa kovu la zamani. Hakuna dawa iliyopo leo inayoweza kuviua vimelea vilivyomo ndani ya vifuko hivyo, na mteja anayeahidiwa kwamba atasafishwa toksoplasma yote anadanganywa.

Tunapopanua mboni kwa matone na kutazama nyuma ya jicho, kovu huonekana likiwa na mipaka iliyo wazi, rangi nyeusi pembezoni na weupe katikati, na ute mzito unaojaza jicho huwa safi. Kidonda hai huwa cheupe au cha manjano hafifu, kimevimba kidogo, kingo zake hazieleweki, na chembe za kinga zinazomiminika kutoka humo huuchafua ute. Uchafu ukiwa mwingi, kidonda huonekana kama taa ya gari inayokuja katika ukungu. Chembe hizo ndizo mgonjwa anazoziona zikielea kama nzi, nyuzi au vumbi jeusi, na ndizo zinazomfanya aone ukungu hata pale kidonda chenyewe kinapokuwa mbali na katikati ya retina. Jicho linaweza kuwa jekundu kidogo na kuumizwa na mwanga, lakini wengi hawasikii maumivu makali, jambo linalowafanya wachelewe kuja.

Uamuzi wa kutibu hauji wenyewe kwa sababu tu kidonda kimeonekana. Kwa mtu mwenye kinga nzuri ya mwili, kidonda hujifunga chenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki 6 hadi 8, na kidonda kidogo kilicho pembezoni kabisa mwa retina kinaweza kufuatiliwa tu kwa picha. Tunatoa dawa pale kidonda kinapokaribia makula, ambayo ni sehemu ya katikati tunayoitumia kusoma na kutambua sura, au mshipa wa fahamu wa jicho. Pale ute unapochafuka sana na uwezo wa kuona ukashuka. Pale kidonda kinapokuwa kikubwa. Na pale jicho linalougua ndilo pekee linaloona. Mtu ambaye kinga yake imeshuka, kwa mfano kwa VVU au kwa dawa za saratani, hutibiwa popote kidonda kilipo, kwa sababu kwake hakitarajiwi kupona chenyewe.

Mfano mmoja utaonyesha tunavyofanya. Ni mwalimu wa miaka 29, na tumebadilisha maelezo yanayoweza kumtambulisha. Alikuja baada ya wiki moja ya kuona vidoadoa katika jicho la kulia, ambalo lilisoma 6/24 tu, yaani liliona kwa mita 6 kile ambacho jicho zima huona kwa mita 24, huku la kushoto likisoma 6/6, yaani kawaida. Presha ya jicho hilo ilikuwa imepanda hadi 28, kama inavyotokea mara nyingi katika ugonjwa huu. Juu ya makula kulikuwa na kovu jeusi la zamani ambalo hakuwahi kulijua, na kwenye ukingo wake wa chini, upande unaoelekea makula, kulikuwa na kidonda cheupe. Tuliagiza kipimo cha VVU, cha kaswende, picha ya kifua na kipimo cha ujauzito, maana kaswende na kifua kikuu vinaweza kuleta vidonda vinavyofanana na hivi. Vyote havikuonyesha tatizo. Kingamwili za toksoplasma za aina ya IgG, yaani alama kwamba mwili umewahi kukutana na kimelea hiki, zilikuwepo, lakini hilo peke yake lisingetosha, kwa kuwa watu wengi wenye macho mazima wanazo pia. Faida kubwa ya kipimo hicho ni kwamba kikitoka bila kingamwili hizo, tunautilia shaka utambuzi wetu.

Baada ya kuhakikisha kwamba hajawahi kudhurika na dawa za salfa, tulimpa kotrimoksazoli, ambayo wengi huiita septrini, miligramu 960 mara mbili kwa siku kwa wiki 6, pamoja na matone ya kupunguza uvimbe na presha ya jicho. Siku ya tatu tuliongeza vidonge vya prednisoloni, miligramu 40 kwa siku, tukavipunguza polepole na kuvimaliza kabla ya kotrimoksazoli. Mpangilio huo tunausisitiza sana. Prednisoloni hupunguza uvimbe unaoumiza retina, lakini pia huituliza kinga inayomzuia kimelea, kwa hiyo ikitolewa peke yake kidonda kinaweza kupanuka huku mgonjwa akidhani anapata nafuu. Tunamwomba kila mteja asimeze wala kuchomwa sindano ya dawa za jamii hiyo, yaani steroidi, kwa ajili ya ukungu wa macho kabla retina haijatazamwa.

Dawa hizo hazimfai kila mtu. Anayepata vipele, vidonda mdomoni au homa baada ya kuanza salfa anapaswa kuziacha na kurudi siku hiyo hiyo. Kwa mjamzito, au kwa asiyeweza kutumia salfa, tunampeleka kwa daktari bingwa wa retina, ambaye anaweza kumchoma klindamaisini ndani ya jicho lenyewe.

Mwalimu yule alimaliza matibabu akisoma 6/9. Kidonda kiligeuka kuwa kovu, akabaki na doa dogo lisiloona pale kilipokuwa, kwa sababu retina iliyokufa hairudi. Vidoadoa vichache viliendelea kuelea kwa miezi kadhaa, na hiyo si dalili kwamba dawa ilishindwa.

Ugonjwa unaweza kurudi. Kwa mtu anayerudiwa mara kwa mara, au ambaye kovu lake liko karibu sana na makula, tunajadiliana naye kuhusu kotrimoksazoli ya kinga kwa muda mrefu, kidonge kimoja cha miligramu 960 kila baada ya siku mbili au tatu. Wengine wote tunawapa picha ya retina waihifadhi kwenye simu, ili daktari yeyote atakayewaona baadaye aweze kulinganisha ukingo wa kovu. Funika jicho moja kisha jingine mara moja kwa wiki ukitazama maandishi yale yale. Vidoadoa vikiongezeka ghafla au ukungu ukianza, njoo ndani ya siku moja au mbili. Ukiona mimweko ya mwanga au kivuli kama pazia likishuka, njoo siku hiyo hiyo, kwani huenda retina inabanduka, na hilo huhitaji upasuaji.