Barua kwa Rehema: kadi ya kusomea uwiano wa hesabu

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Uliniomba muhtasari wa mhadhara wa uwiano wa hesabu za biashara ulioukosa, nami nimeona heri nikutumie kadi moja, kwa sababu kanuni za kukokotoa zimo katika kila kitabu, lakini kulisoma jibu lililopatikana ndiko kunakotushinda.

Kadi ya kwanza niliiharibu. Niliipa safu mbili, “juu” na “chini”, na katika uwiano wa ukwasi, yaani mali za muda mfupi kugawanywa kwa madeni ya muda mfupi, nikaandika kwamba ukiwa juu ni vizuri. Kisha nikaijaribu kwa hesabu za duka la vifaa vya ujenzi tulizopewa darasani. Mali za muda mfupi ni shilingi milioni 60 na madeni ya muda mfupi ni milioni 20, kwa hiyo uwiano ni 3, na kadi yangu ikalisifu duka. Kumbe katika zile milioni 60, milioni 45 ni bidhaa, milioni 12 ziko kwa wateja waliokopa, na fedha taslimu ni milioni 3 tu. Ukiziondoa bidhaa, zinabaki milioni 15 za kukabili deni la milioni 20, yaani 0.75. Gharama ya mauzo ya mwaka ni milioni 90, maana yake bidhaa za milioni 45 huzunguka mara mbili tu kwa mwaka, na mfuko wa saruji unakaa ghalani takriban nusu mwaka, muda unaotosha kuugandisha.

Lililonishangaza zaidi ni hili: mwenye duka akilipa madeni kwa zile milioni 3 zote, uwiano unakuwa 57 kwa 17, yaani 3.35. Umepanda, na sanduku la fedha limebaki tupu.

Kwa hiyo sasa “juu” inasomeka: deni laweza kulipika, au bidhaa zimelala, au wateja hawalipi. “Chini” inasomeka: malipo yaweza kukwama, isipokuwa kwa duka linalouza taslimu kila siku na kuwalipa wasambazaji baada ya mwezi, ambalo huendesha shughuli zake vizuri hata likiwa chini ya 1. Nimeongeza safu ya tatu, “tazama pia”, inayokupeleka kwenye ukwasi usiohesabu bidhaa na kwenye mzunguko wa bidhaa. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo safu yenye kazi.

Mstari wa siku za kukusanya madeni ya wateja nimeuacha wazi, kwa kuwa hesabu zile hazikutenganisha mauzo ya mkopo na ya taslimu, na ukigawanya madeni hayo kwa mauzo yote utapata siku chache kuliko zilivyo kweli. Ukipata mgawanyo huo, ujaze mwenyewe kisha unirudishie nakala.

Wako,
Salim