Barua kwa Rehema: huyu Zuhura ni wa leo au wa 2009?

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu Rehema,

Salaam nyingi. Sisi wazima, mvua tu ndiyo inatutesa. Mswada wako wa filamu Juma kaniletea ukiwa umelowa pembe, lakini nimeusoma wote. Ningekupigia, ila wewe na simu yako mnajuana wenyewe, na mnaanza kupiga picha karibuni, kwa hiyo naandika.

Hadithi ni nzuri. Kinachoninyima usingizi ni onyesho la saba. Zuhura yuko barazani kwa marehemu baba yake, kakaye anadai hati ya nyumba, Zuhura anatazama mbali, chozi, picha inafifia. Ikirudi, eti ni 2009, ila tuko baraza ileile, Zuhura yuleyule na khanga ileile, na mzee kakaa pembeni anakunywa chai. Shoga, tumemzika onyesho la pili! Watu watadhani kafufuka.

Najua umeandika picha iwe ya manjano. Lakini onyesho la sita ni la jioni, jua la Tanga lenyewe ni la manjano, nani atatofautisha? Na yale maandishi ya "miaka kumi na mitano iliyopita" mtu anayesonga ugali huku anasikiliza televisheni hayaoni. Hata anayeyaona anaanza kupiga hesabu badala ya kumsikiliza mzee.

Unayo cherehani ya mzee, na umeiacha kona tu kama pambo. Kakaye akiwa katikati ya sentensi ya hati, Zuhura aweke mkono juu ya cherehani iliyoshika kutu. Tusikie mlio wa cherehani inashona huku bado tunaona uso wake wa leo. Ndipo ukate: mguu wa mzee unakanyaga pedali, chuma kinang'aa, nyuma yake televisheni ya chogo. Zuhura aingie na sare ya shule na ushungi mweupe, na maneno ya kwanza ya mzee yawe, "Matokeo ya kidato cha pili yametoka, unanificha nini?" Hapo mtazamaji ana mahali, ana umri wa Zuhura, na anajua mzee yu hai kwa sababu tuko zamani. Mwaka wenyewe wa 2009 ni kwa ajili yenu: vocha ya kukwangua mezani sawa, ila gari la namba E lisipite barabarani, maana namba hizo hazikuwepo.

Kuingia zamani kila mtu anakuhangaikia. Kutoka ndiko wengi wanakoangukia, na wewe umo. Kutoka kwa mzee umeruka moja kwa moja hadi Zuhura kwenye basi la Dar. Basi hilo ni la mwaka gani? Mimi niliyasoma mara mbili hayo, na nina karatasi mkononi. Mlio wa cherehani ukatike ghafla, turudi kwenye mkono uleule juu ya kutu, na kaka amalizie sentensi aliyoianza. Basi: kila mtu anajua tumeondoka kwa nukta chache tu na tuko barazani, leo. Ukishamrudisha hapo, mpandishe basi lolote.

Halafu mzee, akiwa humohumo 2009, anaanza kukumbuka Vita vya Kagera na wewe unatupeleka 1978. Hapana. Kumbukumbu ndani ya kumbukumbu, tukirudi hatujui turudi ngazi ipi. Aisimulie kwa mdomo huku anatunga uzi, tumtazame yeye. Na mtapunguza gharama, hao wanajeshi mngewavisha nini hata hivyo...

La mwisho ni la makaratasi. Kila kichwa cha onyesho kiwe na wakati wake: "NJE. BARAZANI KWA MZEE – ASUBUHI, SASA", kisha "NJE. BARAZANI KWA MZEE – JIONI, 2009", hata kama yanafuatana. Maonyesho yote ya baraza mtayapiga siku moja, yamechanganyika, na Mwajuma wa mavazi haangalii hadithi, anaangalia kichwa. Kisipomwambia, ile khanga itarudi tena 2009.

Ukimaliza kuandika upya, msomee mama yako kwa sauti, ukatize palepale zamani inapoanza na palepale inapoisha, umuulize tuko wapi na lini. Akisita, hapajakaa.

Sasa niambie: cherehani nzima ya pili mnaipata wapi, au niulize kwa fundi wa Ngamiani? Zuhura ataigizwa na mtu mmoja au wawili? Kama mmoja, amekubali kweli kuvaa sare kwa umri ule, au ndiyo atatuchekesha? Na ile deni yangu Juma kakupa, au kaila?

Wako,
Asha