Malalamiko: Vali na Mixa Yangu Viliharibiwa kwa Spana Isiyofaa

Kwa Meneja wa Huduma,

Bwana Meneja,

KUH: UHARIBIFU CHINI YA BESENI LA KUNAWIA, SOUTH B

Salamu. Risiti mnayo, picha mnazo, na masharti ya huduma yenu mnayajua kuliko mimi, kwa hiyo sitayarudia. Ninaandika kwa sababu ofisi yenu imenijibu kwamba alama alizoacha fundi wenu kwenye vali yangu, alipokuja kunifungia mixa mpya ya beseni, ni "uchakavu wa kawaida."

Uchakavu gani una meno? Vali ya kona ya maji moto ina mistari iliyolala sambamba, yote imeinamia upande mmoja, na imechimba hadi shaba ya njano inaonekana. Hiyo ni kazi ya spana ya paipu. Spana ile ilitengenezewa paipu ya chuma ya mviringo, isiyo na bapa za kushikwa. Taya lake la juu limeachwa lichezecheze makusudi, ili kadiri unavyovuta mpini ndivyo meno yanavyozama. Kwenye paipu ya mabati itakayofunikwa na plasta, nani atajali? Kwenye kromu ni hasara, maana kromu ni utando tu uliopakwa juu ya nikeli, mwembamba hata kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita. Ukishachanika, hakuna dawa ya kung'arisha itakayourudisha. Unyevu huingia kwenye ukingo wa mchubuko, utando ukaanza kubambuka, na shaba iliyo chini ikaota ukungu wa kijani.

Haya nilimwambia fundi wenu kabla hajagusa kitu. Nilipoiona spana ya paipu mkononi mwake nikasema, "Kijana, hiyo weka chini. Hapo tumia spana malaya, na ufunge kitambaa." Akacheka. Akasema, "Mathe, tulia. Hii ni kazi yetu." Kisha akaiuma vali huku akinitazama usoni.

Nilifundisha ufundi wa mabomba mpaka nilipostaafu, Bwana Meneja. Sikumwambia. Mteja hahitaji cheti ili asikilizwe nyumbani kwake.

Hiyo spana malaya alikuja kuitoa baadaye, nati ilipokwisha kulegea na kazi ikabaki ya kukaza, na hata hiyo aliishika kinyume. Inashikwa hivi: unazungusha kigurudumu mpaka mataya yabane bapa mbili za nati bila nafasi yoyote, unaisukuma nati iingie mpaka ndani kabisa ya mdomo, kisha unavuta kuelekea upande wa taya linalosogea, ili mzigo uangukie taya lisilosogea, ambalo ndilo lenye nguvu. Yeye aliacha mdomo wazi kiasi cha kupitisha ukucha, na akavuta upande wa pili. Taya likafunguka, spana ikateleza, pembe za nati ya fleksibo zikalika. Sasa nati ile ni ya duara. Haikazwi wala haifunguliwi kwa spana ya kawaida, na usiku ule tangi la juu lilipojaa maji ya mgao, ilianza kudondosha ndani ya kabati.

Na hata haikuhitaji nguvu! Fleksibo ina wosha ya mpira ndani. Unaikaza kwa vidole mpaka igome, kisha robo mzunguko kwa spana, basi. Ukizidisha, mpira unakatika na maji yanapita palepale ulipodhani umeziba.

Kuhusu mixa yenyewe: nati yake iko nyuma ya beseni, juu, mahali ambapo mkono unaingia lakini spana ya kawaida haipati nafasi ya kuzunguka. Ndiyo maana kuna spana ya beseni, yenye fimbo ndefu, mpini wa kupitisha kwa chini, na kichwani taya dogo lenye springi linaloishika nati lenyewe. Ukitaka kufungua unalilaza taya upande mmoja. Ukitaka kukaza unaligeuza upande wa pili. Mwenzako anaishika mixa kwa juu isizunguke. Maduka ya Kirinyaga Road yamejaa spana hizi. Fundi wenu hakuwa nayo. Alichukua bisibisi na nyundo, akaipiga nati kwenye pembe mpaka ikazunguka, na nilisikia kila pigo likipita kwenye kauri. Leo mixa inayumba nikifungua maji, na shingoni pana alama ya spana ya paipu, kwa sababu ndiyo aliyoitumia kuizuia isizunguke. Mixa mpya, Bwana Meneja, niliyoinunua mwenyewe, ambayo ilikuwa bado na karatasi ya nailoni wakati anaingia mlangoni.

Narudi pale kwenye vali, kwa sababu nadhani ofisini hamkunielewa. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa bafu na kitambaa mkononi. Nilimnyooshea. Nilisema, "Weka chini hiyo, tumia spana malaya." Akakitazama kitambaa, akanitazama mimi, akamwambia msaidizi wake, "Huyu mathe anataka kutufundisha." Msaidizi akacheka naye. Ndipo akavuta mpini, nikasikia kromu ikilia. Spana ikateleza, akaishika tena mahali pengine, ndiyo maana kuna alama safu mbili na si moja. Alipomaliza akachukua kitambaa changu kilekile akapangusa ile michubuko, akasema, "Itang'aa tu, madam." Hiyo ndiyo huduma mnayoita ya daraja la kwanza.

Nilipopiga simu nilitaka jambo dogo: mniletee vali mbili mpya na fleksibo, zifungwe na fundi mwenye vifaa kamili. Huyo binti wa simu akaniambia niandike. Nimeandika. Mkajibu uchakavu.

Sasa sitaki tena fundi wenu aingie kwangu. Nataka mnirudishie pesa ya ufundi, shilingi 4,500, pamoja na bei ya mixa, shilingi 14,500, na ya vali na fleksibo kama ilivyo kwenye risiti za duka. Nataka pia mlipie fundi nitakayemchagua mimi, alikague beseni kwa chini kama lina ufa, kwa sababu nyundo ilipigwa pale na ufa wa kauri huanza kama unywele. Likikutwa na ufa, beseni nalo ni lenu.

Nawapa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Baada ya hapo nitapeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, na madai yenyewe katika Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na hainilazimu kuwa na wakili. Vali nimeshaifungua na kuiweka kwenye bahasha, haijafutwa wala kung'arishwa. Spana ya paipu ya fundi wenu mnayo nyinyi. Hakimu akitaka, tutayalinganisha meno na alama mbele yake.

Na msiniite mathe katika jibu lenu.

Wenu,
Mteja, ghorofa ya tatu, South B
Nairobi