YAH: Malalamiko kuhusu picha ya pendekezo la bustani iliyoonyesha miti kwa ukubwa usio wa kweli

Bwiru, Mwanza
6 Oktoba

Meneja,
Kampuni ya Usanifu na Upandaji wa Bustani,
Mwanza.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu niliyelipa nusu ya gharama za kutengenezewa bustani mbele ya nyumba yangu iliyopo Bwiru, kwenye mteremko unaotazama ziwa. Nimekubali kulipa fedha hizo kwa kutegemea picha moja, ile mliyochapisha kwenye karatasi ya A3, ambayo afisa wenu aliipiga uwanja ukiwa mtupu kabisa, kisha ofisini kwenu ikaongezwa miti na maua. Ninaandika kwa sababu nimeipima picha hiyo kwa rula, na vipimo vyake havilingani na miti mnayokusudia kunipandia.

Nianze na jinsi nilivyoipima, ili msiseme kwamba ninabishana kwa hisia. Afisa wenu alisimama chini ya ngazi za baraza akaelekeza simu ziwani, bila kuiinamisha, akitumia lenzi ya kawaida. Nilikuwa kando yake, na simu ilikuwa kwenye kimo cha mita moja na nusu kutoka ardhini. Uwanja wangu ni tambarare, maana fundi aliusawazisha kwa mpira wa maji nilipojenga ukuta mfupi wa mawe upande wa chini. Katika picha ya namna hiyo, mstari ambapo maji ya ziwa yanakoma kwa mbali unakaribiana sana na usawa wa lenzi, na kitu chochote kilichosimama kwenye uwanja huo huo, kiwe karibu au mbali, hukatwa na mstari huo kwenye kimo cha mita moja na nusu. Kwa hiyo ukipima kutoka shinani mwa mti hadi kwenye mstari wa maji, umepata mita moja na nusu kwa kipimo cha mahali mti huo uliposimama, na urefu uliobaki unahesabika. Uwanja ungekuwa na mteremko, njia hii isingefaa.

Nilianza na ukuta wa mawe, ambao uko mita 17 kutoka mahali afisa aliposimama. Kutoka chini ya ukuta hadi mstari wa maji ni milimita 27 kwenye karatasi, maana yake kila mita moja ya pale inachukua milimita 18. Ukuta wenyewe kwenye picha una milimita 22, sawa na mita moja na sentimita 22. Nilitoka nje na futi kamba nikaupima, nikakuta sentimita 120. Picha ya msingi, basi, ni sahihi. Kasoro imeingia kwenye vitu vilivyobandikwa juu yake.

Mti uliopewa nafasi kubwa ni mkrismasi, huu unaochanua maua mekundu kuelekea mwisho wa mwaka. Mmeuweka mita tisa kutoka kwenye ngazi na mita tatu tu kutoka kwenye shimo la maji taka. Pale uliposimama, mita moja inachukua milimita 34. Mti wenu una kimo cha milimita 120 na mwavuli wenye upana wa milimita 130, yaani mita tatu na nusu kwenda juu na chini kidogo ya mita nne kwa upana. Mkrismasi uliokomaa hufikia mita kumi na kuzidi, na tabia yake ni kutanuka zaidi ya unavyorefuka. Jirani yangu anao. Mwishoni mwa Septemba, saa saba kasorobo, wakati jua la hapa Mwanza linapokuwa utosini na kivuli kikianguka moja kwa moja chini ya matawi, nilimwomba ruhusa nikapima kivuli cha mti wake kutoka ukingo hadi ukingo. Nilipata mita 13. Kwa kipimo cha picha yenu, mwavuli wa mti huo ungechukua milimita 442, na karatasi ya A3 ina upana wa milimita 420. Mti mnaonipandia hautoshi kwenye karatasi mliyonichorea.

Ninajua mtajibu kwamba picha inaonyesha mti ukiwa bado mdogo, na nimelifikiria jibu hilo kabla ya kuandika. Tazameni shina. Kwenye picha lina unene wa milimita saba, sawa na sentimita 20, limejaa mikunjo ya gome la mti mzee, na matawi yake yametandaza mwavuli bapa uliofunikwa maua tupu. Mkrismasi wa mita tatu na nusu hauko hivyo. Huwa na shina jembamba lililonyooka, matawi machache yaliyoelekea juu, na mara nyingi hauna hata ua moja, kwa sababu mti uliooteshwa kwa mbegu huweza kuchukua miaka mitano au zaidi kabla ya kuchanua. Kilichopo kwenye picha ni mti mzee uliopigwa picha mahali pengine, ukasinyazwa hadi theluthi moja ya ukubwa wake. Nilipofika ofisini kwenu kuuliza, kijana anayetengeneza picha aliniambia kwa uaminifu, na ninamshukuru kwa hilo, kwamba miti hupunguzwa "ili nyumba na ziwa vionekane". Lakini hicho ndicho nilichotaka kukijua kabla ya kulipa: kama ziwa litaonekana au halitaonekana.

Hili la ziwa linanigusa zaidi kwenye miashoki minane mliyoipanga kando ya ukuta wa chini, kila mmoja mita moja na nusu kutoka kwa mwenzake. Kwenye picha ina milimita 45, yaani mita mbili na nusu, na imekonda kiasi kwamba maji yanaonekana katikati yake. Mwashoki huu mwembamba hufikia mita 12 na zaidi, na matawi yake yanayoning'inia hutanuka hadi mita moja na nusu au mbili. Mita 12 pale ukutani ni milimita 216, na ncha zake zingetoka nje ya ukingo wa juu wa karatasi. Nafasi kati ya mti na mti ingefungwa kabisa. Kwa maneno mengine, mmenipangia ukuta wa majani mbele ya kitu pekee kilichonifanya ninunue kiwanja kwenye mteremko wa mawe, na picha ikanionyesha kwamba nitaendelea kukiona. Miashoki hii, kama mnavyojua, imekwisha kupandwa.

Afisa wenu alinieleza kwa simu kwamba miti inaweza kukatwa iwe mifupi. Sikubaliani naye. Mkrismasi ukikatwa kilele hupoteza ule mwavuli uliotumika kuniuzia, na mahali palipokatwa huchipua matawi mengi yaliyoshikamana kwa udhaifu, ambayo huvunjika upepo ukivuma kutoka ziwani. Isitoshe, makisio ya gharama mliyonipa hayana hata shilingi moja ya kupogoa. Na kupogoa hakuzuii mizizi. Mizizi ya mti huu hutambaa karibu na uso wa ardhi, hasa hapa kwetu ambako udongo ni wa kina kifupi juu ya mwamba. Kwa jirani yangu imenyanyua pevingi za njia ya gari hadi unaweza kuingiza mkono chini yake. Shimo langu la maji taka, mita tatu kutoka kwenye shina, haliwezi kuwa salama.

Kuhusu maua nitasema kwa ufupi. Kwenye picha mmeweka bogenvilia na mawaridi chini ya mwavuli wa mkrismasi, yote yamechanua. Mimea hii hutaka jua kwa sehemu kubwa ya siku. Mti ukifikia upana wake halisi, kitanda hicho chote kitakuwa kivulini, na bogenvilia itabaki kutoa majani na miba. Kosa la kipimo cha mti limezaa kosa la maua. Aliyeweka picha hiyo angeuweka mti kwa ukubwa wake wa kweli, angeona mara moja kwamba kitanda kile hakina jua.

Ninaomba mambo yafuatayo. Kwanza, mnitengenezee upya picha hiyo hiyo ya uwanja mtupu katika hali tatu: siku ya kupanda, baada ya miaka mitano, na miti ikiwa imekomaa. Kila hali itumie picha ya mti wa umri huo, na chini yake kuandikwe kimo, upana wa mwavuli, na umbali kutoka kwenye nyumba na shimo la maji taka. Ukuta wa mawe wenye sentimita 120 uwe kipimo cha kulinganishia, maana uko kwenye picha zote na mtu yeyote anaweza kuuhakiki. Mti usipotosha kwenye karatasi, basi uchorwe ukiwa umekatwa na ukingo, hivyo hivyo, ili mteja aone.

Pili, mkrismasi uondolewe kwenye mpango. Badala yake ninapendekeza mlimao au mkomamanga, ambao kwa kawaida haupiti mita tano na unaweza kukaa pale bila kuziba mandhari yote, ingawa nao usogezwe mbali zaidi na shimo. Tatu, miashoki ing'olewe kwa gharama zenu sasa ikiwa bado miche, na pawekwe uzio wa haibiskasi utakaokatwa kwenye kimo cha ukuta. Haibiskasi ikiachwa hupita kimo cha mtu, ninalijua hilo, kwa hiyo gharama ya kuikata mara kwa mara iandikwe wazi kwenye makisio mapya nami nitaikubali au kuikataa nikiwa ninaijua. Kama hamtaweza kutekeleza haya, ninaomba mnirudishie fedha za miche na za kuchimba mashimo.

Ninaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 14, kabla mvua za vuli hazijashika na miashoki kuanza kushusha mizizi. Nimeambatanisha nakala ya picha yenu ikiwa na mistari niliyochora kwa penseli na vipimo pembeni, pamoja na stakabadhi ya malipo. Shimo mlilochimba kwa ajili ya mkrismasi nimelifukia.

Wenu katika suala hili,
Mteja wenu, Bwiru