Mchoro wa maji ya ziwa, kwa ajili ya Mama Mkubwa

Mwanza, Juni 2020

Rafiki yangu Bahati,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Igombe. Sisi huku Nyegezi tu wazima. Ninakuandikia kwa sababu ya ile picha ya ukurasa wa gazeti uliyonitumia. Mama Mkubwa amesikia kwamba mstari wa kimo cha maji ya Ziwa Victoria umepanda hadi juu ya karatasi, na sasa anataka kuuza kiwanja chake cha ufukweni. Wewe unajua kwamba akiona grafu huikunja na kuiweka kando, hivyo naomba umweleze kwa maneno.

Mwambie auache mstari kwanza, asome namba za kushoto. Ya chini kabisa ni 10, ya juu ni 14, na kila mita imepewa sentimita mbili za karatasi. Oktoba 2006, ziwa liliposhuka sana, kipimo cha kimo cha maji kilichoko Jinja, Uganda, kilisoma karibu mita 10 na nusu, kwa hiyo nukta yake iko sentimita moja tu juu ya ukingo wa chini. Mwezi uliopita kilisoma 13.42, na nukta iko karibu sentimita saba. Jicho linasema maji yameongezeka mara saba, ilhali yamepanda kama mita tatu, yaani kimo cha ukuta wa nyumba. Hata sifuri ya kipimo hicho si sakafu ya ziwa, bali ni alama iliyochaguliwa tu.

Nukta ya 1964 ataielewa bila msaada, kwani aliyaona maji yale akiwa msichana. Ilikuwa 13.41, ikiwa ni matokeo ya mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa 1961. Tofauti yake na ya sasa ni sentimita moja ya maji, ambayo kwenye mchoro ni nyembamba kuliko wino wenyewe. Mkumbushe pia kwamba nukta ya mwisho ni ya Mei, wakati ambao ziwa huwa juu baada ya masika, ilhali ile ya 2006 ni ya Oktoba. Mstari kuishia juu hakumaanishi kwamba utaendelea kupanda.

Hata hivyo sitaki apuuze. Mchoro unaonyesha kimo cha maji, hauonyeshi yamesogea hatua ngapi nchi kavu, na penye mteremko mdogo nusu mita tu humeza shamba zima. Hilo ndilo linalonisumbua, kwa sababu jibu la kiwanja chake halimo gazetini.

Je, kiwanja kiko juu ya maji kwa kiasi gani sasa? Mama Mkubwa anakumbuka maji ya 1964 yaliishia wapi pale? Unaweza kumfuata kwa miguu akakuonyesha, kisha ukapima? Na huyo mnunuzi amekwisha kumpa chochote?

Wako,
Neema